Wastani wa kliniki umefika 5.4: ni akina mama, au ni namba 98?

*"Nina faili la akina mama 640 kutoka utafiti wa kaya wa wilaya yetu, kata nane, akina mama 80 kila kata. Dodoso tuliliiga kwa muundo wa DHS, hata majina ya safu ni yale yale. Kwenye Stata wastani wa mahudhurio ya kliniki ya wajawazito (m14) umetoka 5.4. Mwenzangu kafungua faili hilo hilo kwenye SPSS, kapata 3.9. Kata moja ina wastani wa 9.8 na mganga mkuu wa wilaya anataka tuipongeze kwenye kikao. Uzito wa kuzaliwa (m19) ulitoka gramu 5,075, hapo nikajua kuna tatizo, nikaondoa yote yaliyozidi 9,000 nikapata 3,150. Ila asilimia ya watoto waliozaliwa na uzito pungufu nilishaitafuta kabla, ni 7.2, nadhani hiyo iko sawa. Je, hizi 98 na 9996 nizifute tu? Niweke sifuri? Au nijaze wastani?"*

Ndugu yangu, kikao kisubiri kidogo. Kata ya 9.8 haijafanya maajabu, na ile 7.2 unayodhani iko sawa ndiyo inayonisumbua kuliko zote.

Tuanze na 98. Katika muundo wa DHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, safu ya m14 inahifadhi idadi ya mahudhurio kama namba ya kawaida: 0 kwa ambaye hakuhudhuria kabisa, 1, 2, 3 na kuendelea. Mama akisema alikwenda kliniki lakini hakumbuki mara ngapi, mdadisi anachagua "hajui" na faili linaandika 98. Kwenye uzito wa kuzaliwa, ambao unaandikwa kwa gramu, 9996 maana yake mtoto hakupimwa na 9998 maana yake mama hajui. Misimbo hii, au kodi kama wengi mnavyoziita, ilichaguliwa zamani kwa sababu moja ya kawaida tu: safu yenye nafasi mbili za tarakimu ilihitaji namba ya tarakimu mbili ambayo hakuna mama angeifikia, na safu ya tarakimu nne ilihitaji namba ya tarakimu nne. Mtu akiisoma anaelewa. Kompyuta haielewi. Ukiiambia itafute wastani, 98 inaingia kwenye jumla kama mama aliyekwenda kliniki mara tisini na nane.

Sasa tazama hesabu yako. Kwa namba ulizonipa, 5.4 na 3.9, akina mama wenye 98 ni 10 kati ya 640. Wale 630 wenye majibu halisi, kwa wastani wa 3.9, wana jumla ya mahudhurio 2,457. Kumi waliobaki wanaongeza 980. Jumla inakuwa 3,437, gawa kwa 640, unapata 5.37. Watu kumi tu wameongeza karibu hudhurio moja na nusu kwa kila mama wa wilaya nzima. Kanuni ya kichwani ni hii: kila asilimia moja ya 98 kwenye safu kama hii inapandisha wastani kwa takriban 0.94.

Ubaya wa 5.4 ni kwamba inafanana na habari njema. Ingetoka 40 ungeshtuka, kama ulivyoshtuka ulipoona watoto wa kilo tano kwa wastani. Lakini sote tulizoea lengo la mahudhurio manne, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza manane, kwa hiyo 5.4 inakaa katikati vizuri kabisa, kana kwamba wilaya imevuka lengo la zamani na inaelekea jipya. Namba inayoeleweka hivyo hakuna anayeihoji.

Na ile kata ya 9.8? Kwa akina mama 80, misimbo mitano inatosha. Ukichukua 75 wenye wastani wa 3.9 ukawaongezea 98 mara tano, unapata 9.78, yaani 9.8 ile ile. Yaani nusu ya "hajui" zote za wilaya zimetoka kata hiyo moja. Hilo lenyewe ni jambo la kufuatilia, na nitalirudia, ila si la kupongezwa.

Kwa nini mwenzako kapata 3.9 kwenye faili "hilo hilo"? Kwa sababu si hilo hilo. SPSS inamruhusu anayeandaa data kutangaza kwamba 98 kwenye safu fulani ni jibu linalokosekana. Tangazo hilo linahifadhiwa ndani ya faili la `.sav`, na kuanzia hapo kila hesabu inaziruka bila kumuuliza mtu. Naamini wewe ulipewa nakala iliyotolewa kwa CSV. CSV ni namba tupu na mikato, haibebi tangazo lolote. Ile 98 ikavuka mpaka kama raia wa kawaida. Mwenzako hakuwa mwangalifu kuliko wewe. Alirithi kazi ya mtu mwingine bila kujua kwamba ipo.

Kabla ya kugusa chochote, fanya kile ambacho ningetaka kila mtu afanye kabla ya kutafuta wastani wowote wa utafiti wa afya. Orodhesha majibu yote ya safu na idadi yake:

```
tab m14, missing
summarize m14, detail
```

Kwenye orodha ya kwanza utaona 0, 1, 2, mpaka labda 10 au 11, kisha nafasi tupu ndefu, kisha 98 imesimama peke yake. Pengo hilo ndilo alama. Kwenye amri ya pili angalia vitu viwili. Namba ya katikati, yaani ya mama anayeangukia katikati ukiwapanga wote kwa idadi ya mahudhurio, haitasogea kwa sababu ya watu kumi; itabaki 4 au karibu nayo wakati wastani umekimbilia 5.4. Halafu angalia mkengeuko sanifu, kipimo cha namna namba zilivyotawanyika. Kwa mahudhurio ya kliniki nategemea kitu kama 1.6. Ukiwa na 98 kumi ndani, utapanda hadi karibu 11.8. Mkengeuko wa 11.8 juu ya wastani wa 5.4, kwa kitu ambacho hakiwezi kushuka chini ya sifuri, hauna maelezo mengine zaidi ya mgeni ndani ya nyumba.

Ukishaziona, usizifute kwenye faili la asili. Zigeuze kuwa majibu yanayokosekana kwenye nakala ya kazi, na uhifadhi sababu yake. Stata ina herufi za kazi hiyo:

```
mvdecode m14, mv(98=.d)
mvdecode m19, mv(9996=.n \ 9998=.d)
```

Hapo `.d` nimeichagua kwa "hajui" na `.n` kwa "hakupimwa". Ukitaka herufi nyingine ni juu yako, ila ziandike mahali. Anayetumia Excel kwa haraka anaweza kuandika `=AVERAGEIF(C2:C641,"<>98")` na kupata 3.9 ile ile.

Jambo moja usilifanye: usiamuru kompyuta itafute 98 kwenye karatasi nzima na kuiondoa. Mama mwenye kilo 98 yupo. Shinikizo la damu la 98 lipo, na ni la mtu halisi. Nililifanya hilo mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye Excel, bila kuchagua kisanduku cha kulinganisha seli nzima. Mtoto aliyezaliwa na gramu 2980 akabaki na gramu 20, kwa sababu Excel iliikuta 98 katikati ya namba yake ikaing'oa. Nilikaa siku mbili nikijiuliza watoto wa gramu ishirini wametoka wapi. Kila safu ina misimbo yake, na inasafishwa peke yake huku kitabu cha misimbo kikiwa wazi mezani.

Sasa ile 7.2. Uliona 5,075, ukaondoa yaliyozidi 9,000, ukapata wastani wa gramu 3,150. Sawa kabisa. Lakini asilimia ya uzito pungufu uliitafuta kabla ya kusafisha, na misimbo ndani ya asilimia inatenda tofauti na ndani ya wastani. Namba ulizonipa zinalingana na watoto 160 ambao hawakupimwa, 20 ambao mama hajui, na 460 waliopimwa, ambao 46 kati yao wako chini ya gramu 2,500. Kompyuta ilipouliza "je, namba hii iko chini ya 2,500?", 9996 ilijibu hapana. Watoto 180 ambao hatujui uzito wao wakahesabiwa kuwa wana uzito mzuri. Ukapata 46 juu ya 640, yaani asilimia 7.2. Sehemu sahihi ni 46 juu ya 460, asilimia 10.

Unaona kilichotokea? Msimbo ule ule ulipandisha wastani wa uzito hadi kilo tano, na wakati huo huo ukashusha asilimia ya uzito pungufu. Wastani ulipiga kelele, asilimia ikanyamaza. Kelele ukaisikia, ukarekebisha, ukaamini kazi imekwisha.

Hata kusafisha hakutoshi, na hapa ndipo watu wazoefu huanguka. Ndani ya Stata jibu linalokosekana linachukuliwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote ile. Kwa hiyo hata baada ya `mvdecode`, ukiandika `gen pungufu = m19<2500`, wale 180 wanapata 0 tena na unarudi kwenye 7.2. Na ukiandika `gen nne = m14>=4`, wale kumi wa "hajui" wanapata 1, kana kwamba wamehudhuria mara nne au zaidi. Wastani wako utakuwa umepona, asilimia zako bado zinaumwa. Kila mara ongeza sharti:

```
gen pungufu = m19<2500 if !missing(m19)
gen nne = m14>=4 if !missing(m14)
```

Twende kwenye maswali yako matatu. Kuweka sifuri kwenye m14 ni kosa baya kuliko kuacha 98, kwa sababu sifuri ni jibu lenye maana: mama hakukanyaga kliniki. Wale kumi walikwenda, idadi tu ndiyo imewapotea. Ukiwapa sifuri unaandika kwamba wilaya ina akina mama kumi zaidi wasiohudhuria kabisa, na hakuna namba itakayokushtua baadaye. Vivyo hivyo usizifute sifuri halisi kwa kudhani nazo ni misimbo, nimeona ikifanyika.

Kuwaondoa kwenye hesabu, kwa m14, ni salama, na unaweza kujihakikishia bila utaalamu wowote. Chukulia wote kumi walihudhuria mara moja tu: wastani wa 640 unakuwa 3.85. Chukulia wote walihudhuria mara nane: unakuwa 3.96. Huku na huku ni karibu na 3.9. Hakuna ukweli unaowezekana ambao ungebadilisha ripoti yako. Kwa asilimia ya waliofikia mara nne kuna uamuzi mdogo wa kufanya. Tuseme waliofikia ni 378. Ukiwaondoa wasiojua kwenye namba ya chini unapata 378 juu ya 630, asilimia 60.0. Ukiwaacha chini bila kuwahesabu juu unapata 378 juu ya 640, asilimia 59.1. Majedwali ya DHS huonyesha "hajui" kama kundi lake ndani ya jumla, kwa hiyo kama utajilinganisha na ripoti ya taifa tumia ya pili. Kosa la kihesabu ni asilimia 60.6 pekee, ile inayowapa wasiojua alama ya kufaulu.

Kwa uzito wa kuzaliwa, kuwaondoa ni sahihi kihesabu lakini hakumalizi jambo. Hawa si watu kumi, ni 180 kati ya 640, zaidi ya robo. Na hawakukosekana kwa bahati. Mtoto asiyepimwa kwa kawaida amezaliwa nyumbani au njiani, kwa mama aliye mbali na kituo, mara nyingi mwenye kipato kidogo. Ukisema "asilimia 10 ya watoto wa wilaya" unasema jambo ambalo data haijui. Ukisema "asilimia 10 ya watoto waliopimwa, ambao ni 460 kati ya 640" umesema kweli. Jaribu kama tulivyofanya juu: kama kati ya hao 180 wenye uzito pungufu ni mmoja kwa watano, wanaongezeka 36, jumla 82 juu ya 640, karibu asilimia 12.8. Hapa dhana inabadilisha jibu, kwa hiyo lazima isemwe kwenye ripoti. Kama dodoso lenu liliuliza pia mama alimwonaje mtoto alipozaliwa, mkubwa sana, wa kawaida, mdogo sana (kwenye DHS ni m18), linganisha waliopimwa na wasiopimwa kwa swali hilo. Ikiwa "mdogo sana" wamejaa zaidi upande wa wasiopimwa, una dalili ya wazi kwamba 10 iko chini ya hali halisi.

Kujaza wastani sikushauri hata kidogo. Ukiwapa watoto 180 gramu 3,150 kila mmoja, wastani hausogei, hivyo utaona kama hujaharibu kitu. Lakini wote 180 sasa wako juu ya 2,500, na asilimia ya uzito pungufu inarudi 46 juu ya 640. Ni 7.2 ile ile, safari hii ukiwa umeitengeneza kwa mkono wako. Mkengeuko nao unapungua kwa uongo, na tofauti kati ya kata zitaonekana za uhakika kuliko zilivyo. Zipo njia halali za kujaza majibu yanayokosekana, zinazojaza mara nyingi kwa kutumia umri, elimu, mahali pa kujifungulia na mengine, kisha zikabeba mashaka hayo mpaka kwenye jibu la mwisho. Hizo usizifanye peke yako mara ya kwanza. Ukitaka takwimu ya uzito pungufu ya wilaya nzima na si ya waliopimwa tu, tafuta mtakwimu wa kukaa naye mezani, wa mkoa au wa chuo kikuu kilicho karibu, ukiwa na faili la asili, dodoso na kitabu cha misimbo. Nenda naye pia ikiwa sampuli yenu ina uzani, yaani kila mama anawakilisha idadi tofauti ya watu, kwa sababu mama mmoja mwenye msimbo anayewakilisha wengi anavuruga zaidi ya nilivyokuonyesha.

Imebaki kata ile. "Hajui" tano kati ya akina mama 80 zinaweza kuwa ukweli wa mahali, lakini mara nyingi ni mdadisi aliyelipokea jibu la kwanza akasonga mbele bila kuomba kadi ya kliniki. Kama mlihifadhi namba ya mdadisi, amri moja itakuonyesha, ukibadilisha jina la safu liwe lenu:

```
tab mdadisi if m14==.d
```

Zikitoka zote kwa mtu mmoja, mwite msimamizi wake na umuulize kwa upole. Huenda kadi zilikuwa zimefungiwa sandukuni na baba mwenye ufunguo hakuwapo. Kama bado mnafikia kaya hizo, safari ya kuona kadi kumi ni ndogo.

Na kwa mganga mkuu, mwone kabla ya kikao, wawili tu, na orodha ya `tab` ya kata hiyo mkononi. Mwonyeshe mstari wa 98. Ataelewa kwa dakika moja, na ni afadhali alione hilo ofisini kwake kuliko mbele ya madiwani, cheti cha pongezi kikiwa kimeshachapwa.